Mtu Akiguna Kabla ya Kusema

Nitoe maoni yangu juu ya jambo la bwenini. Mwenzetu huja, huketi kitandani, husema "Mmh" tu, kisha hunyamaza. Papo hapo watu watatu humrukia: "Una nini? Umefiwa?" Naye hujibu, "Hakuna kitu," na mazungumzo yamekufa.

Kwanza tutenge sauti zenyewe. Kushusha pumzi si huzuni sikuzote. Mwili wenyewe huvuta pumzi moja kubwa kila baada ya dakika 5 hivi, ili vifuko vidogo vya mapafu vilivyonywea vifunguke tena. Kwa hiyo pumzi moja haitoshi kuwa ushahidi. Kusonya ni kitu kingine kabisa, maana hapo mtu ameudhika. Lakini guno la mdomo uliofumba halina maana moja. Likipanda mwishoni, mtu anashangaa au anauliza. Likiwa fupi, na nyusi zikainuliwa, kwetu Uganda ni "ndiyo". Likishuka polepole, na macho yakabaki chini, huenda ana mzigo. Sisi wa Arua na Koboko tusishindwe kusikia hayo, kwani katika Kilugbara na Kikakwa kupanda na kushuka kwa sauti hubadili hata maana ya neno.

Tena tazama guno limetangulia nini. Ukimwomba mtu shilingi naye akaguna, amekujibu. Akiguna bila kuulizwa, nadhani anapima kama yuko wa kumsikiliza.

Muhula uliopita kijana mmoja alirudi kutoka kupiga simu nyumbani, akaguna guno refu la kushuka. Mimi nilikuwa napiga pasi shati. Nikamwitikia "Mmh" kwa sauti ile ile ya chini, nikaendelea na pasi. (Kumkodolea mtu macho ni kama kumweka kizimbani.) Alipoguna mara ya pili nikasema, "Naona kama habari za nyumbani zimekuchosha, ndugu, au nimekosea?" Akasema, "Si kuchoka. Ni aibu." Baba yake alikuwa ameuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya karo, naye hakujua atawatazamaje wadogo zake likizo ikifika.

Mimi nilidhani uchovu, kumbe aibu. Lakini kwa sababu nililitoa kama dhana, alipata njia ya kulisahihisha. Ningalisema "Najua umechoka," pengine angaliitikia tu ili nimwache.

Wako wanaosema kwamba asiyesema wazi aachwe. Siafiki. Hata hivyo, akijibu "Hapana," basi, usimchimbe. Mwambie upo, uendelee na kazi yako. Ila kama maguno yanafuatana siku nyingi, chakula chake anawapa wengine, na usiku yu macho, hapo mwalimu wa bweni aambiwe, hata kama mwenyewe angali anasema hakuna kitu.