Zao dogo halitupwi

Wanaodai kwamba mbinu ya Kadane inatosha pia kutafuta zao kubwa zaidi la namba zinazofuatana katika orodha, mradi kujumlisha kugeuzwe kuwa kuzidisha, wamesahau nguvu ya alama ya hasi. Tuchukue orodha 2, -5, 3, -4. Anayetunza zao kubwa pekee hupata, hatua kwa hatua, 2, -5, 3 na -4, kisha hutangaza kwamba jibu ni 3.

Jibu sahihi ni 120.

Zao dogo lililotupwa ndilo lenye siri. Kwenye 3, dogo ni -30. Likizidishwa kwa -4 hugeuka 120. Kwa hiyo kila hatua hulinganisha namba yenyewe, namba mara kubwa la awali, na namba mara dogo la awali. Mazao yote mawili yahesabiwe kwanza, ndipo yahifadhiwe. Vinginevyo dogo litahesabiwa kwa kubwa jipya. Sifuri huyafanya yote mawili kuwa 0, na mnyororo hukatika hapo.