Ekzamen ya historia na kaye wazi: swali gani haikopiwi?

Wakati M23 iliteka mji wa Masisi mu Januari 2025, na ule wa Walikale mu Machi, wanafunzi wengi walikimbia bila kaye. Sasa mwalimu anayesema « fungueni kaye » anapima nani alikimbia na mfuko wake, hapimi historia. Njo maana dokima zinapashwa kuandikwa ku ubao, ao kufanyiwa fotokopi, mbele ya swali yoyote. Kaye inabaki msaada tu.

Tuchukue uraia, jambo linalogusa Masisi na Walikale kabisa. Dokima tatu fupi zinatosha. Sheria ya 5 Januari 1972: watu wenye asili ya Ruanda-Urundi walioingia Kivu mbele ya 1 Januari 1950 na kuendelea kuishi mu inchi, walipata uraia tangu 30 Juni 1960. Sheria ya 29 Juni 1981 ilifuta hiyo, ikaangalia makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya 1 Agosti 1885. Ya 12 Novemba 2004 inaangalia makundi yaliyokuwa hapa wakati wa uhuru.

Ukiuliza « Eleza sheria ya 1972 », utasahihisha karatasi makumi ine zenye sentensi moja, hata na kosa moja ya maandishi. Uliza hivi: « Mtu alitoka Rwanda, akafika Masisi mu 1948, hakutoka tena. Kwa kila sheria, hiyo tarehe inatosha kujua kama ni raia? Kama haitoshi, habari gani inakosa? » Kwa 1972, inatosha. Kwa zile mbili ingine haitoshi: lazima kujua kundi lake. Mwenye kujibu « ndiyo, hapana, ndiyo » hakusoma, alibahatisha. Hapa kaye inasaidia kweli: ndani yake mtoto anakuta kwamba tangu 1937 wakoloni walileta Wanyarwanda Masisi kwa kazi ya mashamba, anaelewa 1948 inatokea wapi.

Swali ya pili: « Dokima gani inaeleza kwa nini sheria ya 1972 ilifutwa? » Hakuna hata moja. Mwenye kuandika « hakuna » apate pointi zote. Mwenye kujaza sababu alizosikia nyumbani asipate, hata kama ni za kweli, kwani swali ilikuwa juu ya dokima.

Huyo mtu wa 1948 asipewe jina wala kabila. Mu darasa moja munaweza kukaa watoto ambao wazazi wao walikimbiana mu 1993, wakati mauaji yalianza ku soko ya Ntoto, Walikale, yakapanda Masisi. « Nani alikuwa na haki? » inaleta ugomvi, na kusahihisha hauwezi.

Masaa mbili, maswali mawili. Ukiongeza ya tatu, wanarudi kukopiya.