Mwana Kupona hakuwa mtoto wa Kupona

Safu ya kila juma: Lugha na Majina
Na Kalenga Ilunga, Katuba, Lubumbashi

Katika Kiswahili cha Katuba, kama ilivyo katika Kiluba, neno mwana humaanisha mtoto, na wingi wake hutamkwa bana; kwa hiyo msomaji wa huku anapokutana na majina ya wanawake wa pwani kama Mwanaidi, Mwanahamisi au Mwanaisha, huyafasiri upesi kuwa ni mtoto wa Idi, mtoto wa Hamisi na mtoto wa Aisha. Ufasiri huo una mantiki, lakini ni wa makosa, na inasikitisha kuwa hata baadhi ya vitabu vya majina huurudia bila kuuchunguza.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kisiwani Pate, mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, alikozaliwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili kumwachia wasia binti yake aliyeitwa Mwana Hashima. Jina la mama huyo limebeba viungo viwili vyenye kazi tofauti: binti Mshamu ndicho kinachoonyesha nasaba, yaani jina la baba, ilhali mwana hutangulia jina lake mwenyewe. Lau mwana ingalikuwa na maana ya mtoto wa fulani, mtunzi huyo angalikuwa na wazazi wawili wa kiume kwa mpigo, Kupona na Mshamu. Mumewe, mtawala wa Siu, aliitwa Bwana Mataka, na hapo ndipo jozi inapoonekana: katika lugha ya watu wa heshima wa Pate na Lamu, mwanamume alitanguliziwa bwana, na mwanamke akatanguliziwa mwana, yaani bibi mwenye nyumba yake au mwanamke wa kuheshimiwa. Ndiyo maana masimulizi ya Mombasa humtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa kale wa mji huo, na historia ya Pate ikamhifadhi Mwana Khadija, aliyetawala katika karne ya 18. Malkia haitwi mtoto mbele ya raia zake.

Wingi wa majina haya unatokana kwanza na ukweli kwamba cheo, tofauti na jina, hakichagui kinachokifuata. Kiliweza kutangulia majina yaliyokuja na Uislamu, kama Aisha, Halima na Hawa, ambayo tayari yalikuwa ya kike na hayakuongezewa chochote isipokuwa heshima. Lakini kiliweza pia kutangulia majina ya nyakati, na hapo kilifanya kazi ya pili. Mvulana aliyezaliwa siku ya Ijumaa huitwa Juma, wa Alhamisi huitwa Hamisi, na wa sikukuu huitwa Idi; kwa kuwa ngeli za Kiswahili hazitenganishi mume na mke, msichana aliyezaliwa siku hizo alihitaji alama ya kumpambanua, na mwana ikawa alama hiyo: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi. Kwa njia hiyohiyo likapatikana jina kama Mwanamvua, linalokumbusha hali ya hewa ya wakati wa kuzaliwa.

Sababu nyingine iko mdomoni. Maneno mawili yanapotamkwa pamoja kila siku hugandana, irabu zikamezana na silabi zikadondoka, hata Mwana Asha akawa Mwanasha, na Mwanajuma akafupika kuwa Mwajuma. Maadamu karani huandika anachosikia, mtamko mmoja huzaa majina mawili au matatu katika daftari, na kila moja hurithiwa na mjukuu kama jina linalojitegemea.

Ufupisho huo ni mtego kwa wakazi wa Katuba, ambako si ajabu kukutana na mwanamke aitwaye Mwambuyi. Jina hilo ni la Kiluba cha Kasai, nalo humtaja mama wa mapacha, yaani mama yake Mbuyi, kama vile baba yao anavyoitwa Shambuyi. Mwa- yake haina udugu wa karibu na ile ya Mwajuma, ingawa kwa sikio zinafanana kabisa. Vilevile mwanachama na mwanasheria hazihusiki, kwa sababu humo mwana humaanisha mtu wa kundi au wa taaluma. Njia rahisi ya kupima ni kuondoa kitangulizi: kinachobaki kikiwa jina kamili la mtu au la wakati, kama Aisha au Juma, na nasaba ikafuata kwa binti, basi huenda kilichoondolewa ni cheo.

Siku hizi cheo hicho hakitumiki tena peke yake katika mazungumzo ya kawaida ya miji mingi ya pwani, kwa kuwa bibi na mama vimeshika nafasi yake, nacho kimebaki ndani ya majina tu. Ndiyo sababu familia moja inaweza kuwa na Aisha na Mwanaisha, shangazi na mpwa, bila yeyote kati yao kuonekana amezidishiwa heshima.