Ujumbe ni wa benki, anayeuliza si wa benki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaeleze wananchi wenzangu, hasa sisi wa huku Kasulu na Kibondo, jambo moja kuhusu matapeli wanaopiga simu wakijifanya watumishi wa benki. Mengi yamekwisha kusemwa juu yao, wala sikusudii kurudia kwamba tuwe macho. Nataka kueleza jinsi wizi wenyewe unavyofanyika, maana nimeona kwamba wengi huibiwa si kwa sababu hawakuonywa, bali kwa sababu onyo walilopewa liliacha mlango mmoja wazi.

Mapema mwaka huu jirani yangu hapa Kasulu, mwalimu mstaafu, alikuwa na shilingi 1,860,000 benki. Sehemu ilikuwa pensheni yake, na sehemu ni fedha za maharage aliyomwuzia mfanyabiashara wa Kibondo. Zote alizitenga kwa karo ya mjukuu wake aliyeko chuoni. Asubuhi moja alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu.

"Shikamoo mzee wangu. Unaongea na idara ya kadi, makao makuu ya benki yako, Dar es Salaam."

Angalieni hapo, ndugu wasomaji: alisema "benki yako" tu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeitaja benki kwa jina, na tangu hapo kijana akaitaja kama mtumishi wake wa siku nyingi. Akaeleza kwamba mitambo inabadilishwa, na kadi ambazo hazijahakikiwa zitafungwa jioni hiyo. Mwalimu alipoanza kusita, kijana akasema maneno yaliyommaliza kabisa: "Mzee, namba yako ya siri usiniambie. Hata sisi watumishi haturuhusiwi kuijua."

Sasa, onyo ambalo sisi sote tumelisikia miaka mingi ni lile la kutotaja namba ya siri. Mtu anayelirudia onyo hilo huonekana mlinzi, si mwizi. Mwalimu akatulia. Akaombwa kusoma namba ndefu iliyo mbele ya kadi, akasoma. Kisha akaambiwa, "Benki itakutumia ujumbe sasa hivi. Ukiingia, nisomee tarakimu sita utakazoziona." Ujumbe ukaingia kweli, tena chini ya jina lile lile la benki ambalo humletea taarifa za pensheni. Ulikuwa wa Kiingereza, mstari mmoja, wenye herufi OTP na zile tarakimu. Akazisoma. Mwisho akaambiwa azime simu kwa nusu saa ili mitambo imalize kazi.

Alipoiwasha alikuta ujumbe wa aina tatu. Wa kwanza ulisema akaunti yake imeunganishwa na simu mpya. Wa pili ulisema shilingi 1,000,000 zimehamishwa, na wa tatu shilingi 800,000. Kilichobaki ni salio la kununulia chumvi.

Ndugu Mhariri, watu wengi huku walimlaumu mzee huyu kwamba alitaja namba yake ya siri. Hakuitaja. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Wakati kijana yule akizungumza, yeye au mwenzake alikuwa ameshika simu nyingine, akiingia katika huduma ya benki kwa simu na kujaza namba ya simu ya mwalimu pamoja na namba ya kadi yake. Mitambo ya benki haina macho. Haiwezi kujua kama anayejaza ni mwalimu wa Kasulu au mwizi aliyeko mahali pengine. Ili kuhakikisha, hutuma tarakimu chache kwenye laini ya mwenye akaunti, na yeyote atakayeziandika kwenye ile simu mpya huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe. Kisha, katika huduma nyingi za namna hiyo, mitambo humwambia achague namba ya siri mpya. Namba ya siri ya zamani haihitajiki tena.

Kwa mfano wa kawaida, namba ya siri ni ufunguo wa nyumba. Zile tarakimu ni kibali cha fundi kuchonga ufunguo mpya. Mwalimu aliuficha ufunguo wake vizuri, lakini alimpa mgeni kibali.

Taratibu za benki hutofautiana. Baadhi hudai pia namba ya kitambulisho cha Taifa, au namba ya siri ya kadi, na ndiyo maana wapigaji wengine huuliza hayo kwanza kwa kisingizio cha kuhakiki. Lakini tarakimu za mara moja ndizo ambazo mwizi hawezi kuziokota penginepo. Namba yako ya simu anaweza kuipata katika daftari la wakala, katika orodha ya chama, au kwa kubahatisha tu. Tarakimu zile huzaliwa dakika ile ile, huja kwenye laini yako peke yake, na hufa baada ya dakika chache.

Hapo utaelewa kwa nini mpigaji ana haraka. Hakuachi ukate simu ukamwulize mwanao, kwa sababu ukichelewa zile tarakimu zinakufa mkononi mwake. Mtumishi wa kweli wa benki hana saa ya namna hiyo. Ukimwambia utakwenda tawini kesho, atakukaribisha. Utaelewa pia kwa nini mwalimu aliambiwa azime simu: ni ili asione taarifa ya simu mpya wala ya fedha kutoka, akapiga kelele mapema.

Jambo linalowapoteza watu zaidi ni kwamba ujumbe ule si wa uongo. Wengi husema, "Ningekataa, lakini ujumbe ulitoka benki kweli, kwa hiyo nikajua naye ni wa benki." Ndugu zangu, ujumbe ni wa benki, lakini aliyeuita ni mwizi. Mwizi akigonga mlango wako, mbwa wako atabweka. Kubweka kwa mbwa ni kweli, lakini hakumfanyi anayegonga kuwa mgeni mwema.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji washike swali moja badala ya maonyo kumi: ni nani aliyeianzisha shughuli hii? Kama ni wewe, umeketi na simu yako ukajiunga na huduma au ukalipa kitu, basi tarakimu zikija utaziandika mwenyewe kwenye simu yako. Hazisomwi kwa sauti kwa mtu yeyote, awe wa benki, awe wakala, awe mtoto wa jirani. Na kama hukuanzisha lolote, kuingia kwa ujumbe huo peke yake ni habari kwamba mtu yuko mlangoni akijaribu kufungua. Usijibu. Kata simu.

Na aliyekwisha kuzisoma afanye nini? Asiende kwanza kuulizia mtaani. Apige namba ya benki iliyoandikwa nyuma ya kadi yake, si namba iliyompigia, aombe akaunti ifungwe na ile simu mpya iondolewe. Hili ni la lazima hata kama fedha hazijatoka, maana mwizi aweza kubaki na ufunguo akasubiri pensheni ya mwezi ujao. Fedha zikiwa zimetoka, mara nyingi hupelekwa kwanza kwenye laini ya simu, na kabla hazijatolewa kwa wakala bado zaweza kuzuiwa. Basi huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, namba 100, ipigwe mara moja. Kisha aende polisi na ujumbe wote bila kuufuta, kwani kosa hili liko chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya tapeli hupelekwa pia bure kwa ujumbe kwenda 15040.

Wapo watakaouliza: laini zote si zilisajiliwa kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 20, 2020? Mbona hawakamatwi wote? Ni kwa sababu laini ya tapeli huwa na jina la mtu mwingine. Mwananchi anayesajiliwa barabarani huambiwa kidole hakikusoma, abonyeze tena, na kumbe ile mara ya pili imesajiliwa laini nyingine. Kila mmoja wetu apige *106# aone ni namba ngapi ziko kwa jina lake, na asiyoijua aiombee kufungwa. Mwaka 1983 tulipopambana na wahujumu uchumi, sukari na khanga zilikutwa ghalani, na ghala lilikuwa na mwenyewe. Mhujumu wa leo ghala lake ni jina lako wewe.

Mwisho, ninalo ombi kwa wahusika. Huku kwetu mtu wa kijijini akishuku jambo, tawi la benki liko mbali, mjini Kasulu au Kibondo, na nauli ni mzigo. Mlinzi wake wa pekee katika dakika zile ni ule ujumbe wenyewe. Basi mabenki yasitume tarakimu kwanza na maelezo baadaye, tena kwa Kiingereza. Ujumbe uanze kwa Kiswahili, useme kinachofanyika: "Mtu anataka kuunganisha akaunti yako na simu nyingine. Kama si wewe, usimpe mtu namba hii, piga benki." Tarakimu zije mwisho. Mwalimu yule amefundisha kusoma kwa zaidi ya miaka thelathini. Angeusoma mstari huo, angekata simu.

Na mawakala wetu sokoni, ambao ndio wanaoonana na wananchi kila siku, wapewe maneno hayo hayo kwa Kiswahili na kwa Kiha, wayaseme kwa kila mzee anayekuja kutoa pensheni. Si "usitaje namba ya siri" peke yake, bali pia "namba inayokuja kwa ujumbe haisomwi kwa mtu."

Mjukuu wa mwalimu bado yuko chuoni. Karo ya muhula ule tuliichanga sisi majirani. Ya muhula ujao haijulikani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msomaji wako,
Kasulu, Kigoma.