Sikio la Bibi Si Misheni ya Hiari

Faili lenyewe lilikuwa na mistari minne tu, na ugomvi wote ulianzia humo.

```
quest_id: bibi_sikio
type: optional
enemy: mchawi_mzee
reward: 50
```

Niliitwa kuandika maneno ya wahusika wa gemu ya simu inayotokana na ngano ya Wasukuma ya Shing'weng'we. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nasoma fasihi simulizi, nimezaliwa Shinyanga. Nadhani waliniona kama chumvi ya mboga: nihakikishe majina yanatamkwa sawasawa, mama amwite mwanawe "ng'wanawane", kisha nichukue bahasha yangu niondoke. Vijana wa timu ile ni hodari na sina neno na ufundi wao. Neno ninalo na hiyo `optional`.

Kwa asiyeijua ngano, naieleza nilivyoisikia kwa bibi mzaa mama. Shing'weng'we, zimwi kubwa kupita kiasi, alimeza watu wote na mifugo yote ya duniani. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito, aliyekuwa amejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mtu mwenye akili anayeelewa upesi. Mtoto alipopata ufahamu akauliza kwa nini tuko wawili tu, wengine wako wapi. Mama akamwambia. Tangu siku hiyo akawa anatoka kumtafuta Shing'weng'we. Siku moja akarudi anaimba kwamba amemuua, mkononi ana panzi. Mama akasema huyu ni panzi, mwanangu, tumchome tumle. Siku nyingine akaja na ndege, siku nyingine na swala, na jibu likawa lile lile. Mwishowe akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamuua, akampasua, na watu wakaanza kutoka, baba yake akiwa mmoja wao.

Hapo ndipo gemu ilipotaka kuishia, kwa fataki na muziki. Lakini ngano inaendelea. Katika kupasua, kisu kilikata sikio la ajuza mmoja aliyekuwa ndani. Ajuza alitoka na hasira, akamtukana Masala Kulangwa, akajaribu kumroga. Marafiki wa kijana wakamlinda, uchawi usimpate. Naye Masala Kulangwa akatafuta dawa, akaipata, akamponya yule bibi. Baada ya hapo, na si kabla, watu wakamkalisha kwenye kiti cha mtemi.

Huo mpangilio ndio hoja yangu nzima. Kiti hakikuja baada ya zimwi. Kilikuja baada ya sikio. Ngano inatofautisha mtu anayeweza kuua na mtu anayefaa kutawala, na kati ya hao wawili inamweka kikongwe anayevuja damu, tena mwenye matusi. Ukilifanya sikio kuwa jambo la hiari lenye pointi 50, hujafupisha ngano. Umekata sehemu inayobeba uzito, kama mtu anayetoa matimba kwenye duara kwa sababu yanabana njia.

Nianze na panzi, maana huko ndiko upotoshaji ulikoanza kimyakimya. Timu iliwapanga panzi, ndege na swala kuwa levo tatu za kumfundisha mchezaji. Panzi anakufa kwa pigo moja, ndege kwa mawili, swala kwa matano, na kila mmoja ana mshale mwekundu kichwani ili usihangaike kujua adui ni nani. Kwa sheria za gemu ni kazi safi. Kwa ngano ni uharibifu, kwa sababu kijana yule hakosi nguvu. Anachokosa ni kumjua adui, maana hajawahi kumwona. Ameambiwa kuna kitu kilimeza dunia, na kila anachokishinda anadhani ndicho. Mshale mwekundu unamjibia swali ambalo jina lake lilikuwepo ili ajifunze kulijibu.

Nilipendekeza mshale uondolewe, na kazi isihesabiwe imekwisha pale mnyama anapoanguka, bali mchezaji ambebe hadi nyumbani ampe mama. Mama ndiye anayesema siye. Kisha wanakula. Hakuna pointi, ila shibe inapanda kidogo, na kesho yake kijana anaweza kutembea mbali zaidi. Hili walilikubali, na ninawashukuru. Walipolijaribu, wachezaji wakaanza kumletea mama vitu vya ajabu: jiwe, gogo, hata mbuyu mmoja waliojaribu kuuburuta. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa wamekuwa mtoto yule.

Sikio lilikuwa shughuli nyingine.

Kwanza, likatweje? Ukimpa mchezaji nafasi ya kulikwepa, atarudi mahali alipohifadhi mchezo na kupasua upya mpaka bibi atoke mzima, na kosa litakuwa limefutwa kama hesabu ubaoni. Ukilifanya litokee lenyewe kwenye kipande cha filamu, mchezaji ataangalia tu, mikono mifukoni, na hatahisi kwamba ni yeye. Tulizunguka hapo wiki mbili. Nilichopendekeza mwishoni kinatokana na kitu ambacho mtu wa ukanda wetu hahitaji kufundishwa: aliye chini anaishiwa hewa.

Mwaka 2015 katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, duara liliporomoka na kuwafukia wachimbaji wadogo. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao mmoja alifia humo. Ukisimulia Shing'weng'we kwa watoto wa Kahama au Geita, hawahitaji kuchorewa tumbo la zimwi. Wanajua ardhi inameza. Wanajua pia kwamba anayefukua kwa haraka anaweza kumjeruhi anayemwokoa, na anayefukua polepole anaweza kukuta maiti. Basi ndani ya gemu sauti zisikike kutoka tumboni, na ziwe zinapungua. Mchezaji anapasua kwa kidole kwenye kioo. Akienda polepole, sauti moja inanyamaza, kisha nyingine. Karibu kila mtu anaharakisha, na anayeharakisha anakata. Mchezo unajihifadhi wenyewe sekunde hiyo hiyo, wala hakuna kurudi nyuma. Na anayekwenda taratibu mno akaepusha sikio, amewapoteza watu, na watoto wao wataulizia. Hapo nakiri nimeongeza kitu ambacho bibi hakusema. Nimekiongeza ili kulinda alichosema: kwamba kosa lilikuwemo ndani ya wema wenyewe.

Sasa ule mstari wa `enemy`. Katika toleo la kwanza ajuza alikuwa bosi wa pili. Anatoka tumboni, macho mekundu, anarusha moto wa kijani, unampiga mpaka anayeyuka. Tulilijaribu toleo hilo kwenye kijiji kimoja cha wachimbaji wilayani Geita, kandokando ya karasha, kwa vijana waliokuwa wakisubiri zamu. Mmoja, labda wa miaka kumi na mitano, alipomwona alipiga kelele, "Mchawi huyo, mmalize!" Wenzake wakacheka na kumshangilia. Hatua chache kutoka pale bibi mmoja alikuwa anachochea jiko la kuni, ameinama kwenye moshi.

Sitaki kumsingizia yule kijana lolote. Alifanya alichoambiwa na kioo. Lakini Usukumani macho mekundu ya kikongwe yamewahi kuwa hukumu. Wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni, miaka hamsini ya kupuliza kuni na samadi kavu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika mauaji ya imani za kishirikina katika taarifa zake za kila mwaka, na Kanda ya Ziwa haikosekani humo. Katika nchi hiyo hiyo wazee wetu walitunga ngano ambayo bibi anaroga kweli, si kwa kusingiziwa, na bado shujaa hamuui. Anamtafutia dawa, kwa sababu jeraha ni lake yeye kijana. Tunayo ngano ya namna hiyo mkononi, halafu tunaitumia kumfundisha mtoto kubonyeza kitufe mpaka bibi ayeyuke?

Nilijibiwa kwamba wachezaji wanataka mapambano. Nilijibiwa pia kwamba maadili yanaweza kuwekwa pembeni, kwenye ukurasa wa "Jifunze Zaidi". Wakanitajia Never Alone, gemu ya mwaka 2014 iliyotengenezwa pamoja na Wainupiati wa Alaska. Ni mfano mzuri, na kwa jambo moja ni bora kuliko sisi: watengenezaji walimwendea binti wa msimulizi, Robert Nasruk Cleveland, kuomba ridhaa ya kuitumia hadithi. Sisi hatukumwendea mtu. Lakini hata humo, maelezo ya wazee yamewekwa kwenye vipande vya video unavyovifungua ukiwapata bundi, na unaweza kumaliza mchezo bila kuvitazama. Bibi yangu hakuwa na ukurasa wa kujifunza zaidi. Alikuwa na sikio, na hukuweza kufika kwenye kiti cha mtemi bila kulipitia.

Wala si watu wa gemu pekee waliolibana sikio hili. Mapadre waliokusanya ngano za Wasukuma walimwona Masala Kulangwa kuwa mfano wa Kristo, mkombozi anayelitoa taifa tumboni. Ni tafsiri yenye heshima, ila mkombozi wa namna hiyo hana nafasi kubwa ya kuteleza kisu. Naona kila anayeipenda ngano hii anataka shujaa asiye na doa, na ngano inakataa.

Pendekezo langu kwa ajuza ni hili. Kitufe cha kupiga kibaki, kwa sababu ukikiondoa mchezaji hajachagua chochote. Bibi atukane, aroge, marafiki wazuie. Dawa isiwe majani matatu ya kuokota porini huku mshale ukikuonyesha. Iwe kwa mmoja wa waliookolewa, usiyemjua, na njia ya kuipata iwe kuwauliza, mmoja mmoja, ukikiri ulichofanya. Anayempiga bibi asiambiwe amekosea. Mchezo uendelee, watu wajenge nyumba, mvua inyeshe, na kiti kibaki kitupu. Aulize mwenyewe kwa nini.

Wameliona ni refu mno, na wana hoja: kuandika mazungumzo ya watu ishirini ni gharama, na simu nyingi za vijana wetu hazina nafasi ya sauti zote hizo. Nikakubali watu saba, na maandishi badala ya sauti. Kwenye `optional` sikukubali. Juma lililopita wamenirudishia faili. Mstari wa `enemy` umefutwa, `reward` ni sifuri, na `type` bado haijaguswa. Wanasema wataamua baada ya kuongea na mfadhili.

Nimewaandikia barua fupi. Sikio likibaki la hiari, waliondoe jina langu, na la Masala Kulangwa waliondoe pia. Wamwite kijana wao jina lingine lolote, apige mazimwi mpaka achoke.