Mlete Jumapili ya tatu, usingoje mwezi wa sita

Ndugu zangu wa kikundi, kuna wazo moja linatembea hapa Mantapala na leo nalipinga waziwazi. Linasema hivi: ukipata mchumba mpya, mfiche. Usimwonyeshe rafiki yeyote mpaka mambo yakomae, maana watu wana kijicho, watakuharibia. Nimelisikia kwenye foleni ya maji, nimelisikia nje ya kanisa, na mimi mwenyewe nililifuata miezi mitano mizima. Liliniponza, bana.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kule Pweto au Moba, kijana akianza kuonekana na binti, wiki mbili haziishi shangazi fulani ameshajua huyo ni mtoto wa nani, anaamkiaje wakubwa, na akikasirika anafanya nini. Hayo yote yalikuwa kabla ya prezantasio, kabla mtu hajataja doti. Wenyeji wetu Wabemba nao wana shibukombe, mshenga wao, anayepeleka insalamu kwa wazazi wa binti. Njia nzuri hizo, sizikatai. Lakini angalia zinakuja saa ngapi: zinakuja wewe ukiwa umeshaamua. Kazi ya kumtazama mtu kabla hujaamua ilikuwa inafanywa na mtaa, kimyakimya, bila kuombwa.

Mtaa wetu ulitawanyika 2017. Tulivuka upande wa Chiengi, tukapita Kenani, na kuanzia mwanzo wa 2018 tukaletwa hapa Mantapala. Jirani yako leo ni mtu ambaye hukumjua kabla. Wengine shangazi zao wamebaki ng'ambo, wengine hawana kabisa. Waliobaki kukutazamia ni hao hao marafiki unaowakimbia na mchumba wako. Sasa ukiwaficha wao, nani atakuambia?

Kisa changu nakileta kama kilivyo. Nilikuwa na binti wa Kashikishi, anayeuza muda wa maongezi karibu na soko. Tulikuwa tunakutana mjini tu, siku nikipata ruhusa ya kutoka. Nilikuwa najiambia namlinda na maneno ya kambi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu, na sikujua kama ni yeye namwonea aibu au ni nyumba yetu ya turubai. Mwezi wa tano nikamleta. Marafiki walijipanga: bukari, sombe, samaki kidogo, maana marufuku ya kuvua ilikuwa imeisha mwisho wa mwezi wa pili na chisense imerudi sokoni, na munkoyo ndoo nzima. Kati yao alikuwepo yaya wetu mmoja, fundi wa baiskeli, mtu wa miaka karibu arobaini. Huyo yaya ndiye aliyenibeba kwenye keria usiku mpaka zahanati siku malaria iliponiangusha. Nilikuwa bado nadaiwa naye kwacha 150, na hajawahi kuniuliza.

Alimpa mkono. Binti aliutazama ule mkono, una grisi kwenye kucha, akasema tu "uli shani," akarudi kwenye simu. Anayejua Kibemba ameshaelewa. Kwa mtu mzima unasema "mulishani," unamheshimu kwa wingi. Simsemi kwamba angepiga magoti, hapana, wengi wetu hatudai hayo. Lakini yeye alijua tofauti, kwa sababu mimi nilishamsikia akimwamkia mwenye duka lao "mulishani mukwai" vizuri kabisa. Baadaye akapiga simu kwa mwenzake, akasema kwa Kibemba kwamba yuko na watu wa kambi wananuka moshi, anangoja tu nimrudishe. Alidhani hawasikii. Watu wa Pweto, Kibemba hawakisikii? Kinasemwa kwao kama kinavyosemwa huku! Meza ilinyamaza yote.

Na mimi nilifanya nini? Nilimtetea. Hapo ndipo ubaya wa kuchelewa ulipo, na ndiyo sababu naandika. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimeshatumia nauli, nimeshamwambia mama yangu kwa simu, nimeshajijengea picha ya nyumba na watoto. Kukubali nilichokiona kungebomoa vyote hivyo, kwa hiyo nikachagua kutokiona. Nilimwambia yaya, "Amechoka, usimchukulie vibaya." Yaya akajibu neno moja tu: "Sawa." Miezi mitatu hakupita kwetu. Kama ningemleta wiki ya tatu ningekuwa sina cha kutetea. Ningeona mkono ukikataliwa na ningeuita jina lake.

Kwa hiyo nasema: wiki ya tatu, ya nne, umlete. Wiki ya kwanza ni mapema, hata wewe humjui. Na usiite watu kumi na tano. Wawili au watatu wanatosha, na mmoja wao awe yule ambaye hawezi kumpa mgeni wako faida yoyote: hana kazi, hana cheo, kiatu kimechanika. Mbele ya mratibu wa shirika kila mtu ana adabu. Tena usifanye karamu kama niliyofanya mimi. Karamu inamfanya mgeni kuwa hakimu na ninyi washtakiwa. Chagua kitu chenye shughuli ndani yake, kama kutazama mpira wa Jumapili, kumenya mihogo, au kutengeneza baiskeli. Mikono ikiwa na kazi, mtu anasahau kujipanga, na unamwona alivyo.

Sasa akionyesha dharau? Kwanza uhakikishe ni dharau. Hapa wengi wanakosea upande wa pili, na mimi nilikosea pia, na huyu niliye naye sasa. Nilimleta wiki ya tatu kama ninavyohubiri. Alikaa saa moja hajasema kitu, anatazama chini. Wenzangu walianza kunikonyeza: "Anajiona." Nilipomsindikiza nikamwuliza, bila kumshtaki, "Leo ulikuwa kimya, ilikuwaje?" Akasema, "Mnaongea Kiswahili cha haraka, mnacheka, nikadhani mnanicheka mimi." Kumbe! Tulikuwa tumemfungia nje sisi wenyewe. Mara ya pili tuliongea Kibemba, akatuonyesha kwamba sombe yetu na katapa yao ni jani moja la muhogo, tukabishana nani anapika vizuri mpaka giza likaingia. Hadi leo hatujakubaliana, na mimi nasema wetu, hata akisoma hapa.

Tofauti ni hii. Mwenye haya au asiyejua lugha yuko hivyo kwa wote, na ukimfungulia mlango anaingia. Mwenye dharau anachagua: anacheka na mwenye simu nzuri, hamwoni mwenye ndala. Anauliza "huyu anafanya kazi gani?" kabla ya jina. Na mkishaondoka, stori yake yote ni kuwahesabu wenzako kasoro.

Ukiona ni dharau, usimgombeze mbele ya watu. Aibu ya hadharani itamfanya ajitetee, na utapoteza jibu unalolitafuta. Lakini usingoje wiki pia. Siku ile ile, mkiwa wawili, taja kitendo chenyewe, usitaje tabia. Usiseme "una kiburi," atasema hana, mtabishana mpaka asubuhi. Sema: "Yaya alikupa mkono, hukuupokea. Yule ndiye alinipeleka zahanati. Iliniuma." Halafu nyamaza. Kinachokuja baada ya hapo ndicho cha kusikiliza. Mtu akisema, "Sikujua, nilikosea, nitamwomba radhi," basi mpe Jumapili nyingine, na utazame kama anaomba kweli, yeye mwenyewe, bila wewe kumsukuma mgongoni. Akisema, "Wewe unapenda hao kuliko mimi?", amekujibu. Nimekuambia ya mkono, yeye ameleta mashindano.

Jibu hilo la pili lina watoto. Dada mmoja wa humu kikundini ameniruhusu niandike, bila jina. Mchumba wake hakutaka kukutana nasi hata mara moja. Alituita "watoto wa kambi." Kwanza alimwambia aache kuja mikutano ya Jumamosi kwa sababu tunapoteza muda. Baadaye aache kujibu wasapu yetu usiku. Baadaye akamshikia simu yenyewe. Kila hatua ilikuwa ndogo na ilikuwa na sababu nzuri. Siku aliyompiga, dada alikuwa mjini hana simu, hana nauli, na sisi tulikuwa hatujui hata jina la ukoo la yule mwanaume wala nyumba yake iko upande gani. Tulijua tu "wa Nchelenge." Mwuza samaki aliyemkuta barabarani ndiye aliyemrudisha. Sisi wenye kumpenda hatukuwa na pa kuanzia kumtafuta. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mchumba afichwe, nakasirika.

Najua mtakachoniambia: marafiki nao wanakosea. Wanakosea, ndiyo. Wivu upo. Na kuna jambo zito kuliko wivu. Tulikuja hapa na vita vya Waluba na Watwa mgongoni, na wapo kati yetu wanaomkataa mgeni kwa kabila lake kabla hajakaa kwenye kigoda. Kwa hiyo rafiki akikuambia "huyu simpendi," mdai kitendo. Alifanya nini, lini, kwa nani? Akikutajia kitendo, sikiliza hata kama inakuchoma. Akikutajia kabila, au "moyo wangu tu unakataa," mwachie moyo wake. Hapo mwenye dharau ni rafiki, na maneno yale yale ya siku ile ile, mkiwa wawili, anayastahili yeye.

Kumwacha yule wa kwanza kulinichukua wiki sita zaidi, sitajisifu. Kwa yaya nilikwenda na kwacha 150 mkononi na maneno niliyoyapanga njia nzima. Alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anatafuta pancha kwenye beseni la maji. Hakupokea pesa. Alinipa tyubu, akasema, "Shika hapa, usiachie."