Anayetafuta mtafsiri anaandika nini?

Kuhusu kichwa cha wasifu wa LinkedIn niseme kidogo. Msimamizi wa wakala wa tafsiri haandiki "mchapakazi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika lugha mbili, fani, pengine na nchi, basi.

Mchukue mtafsiri wa hapa Moshi anayetafsiri fomu za ridhaa za utafiti wa tiba, kazi inayoeleweka kwa mji wenye KCMC. Akijiita "Passionate Linguist and Freelancer", nani atamfikia? Aandike hivi: "English to Swahili Medical Translator | Informed Consent Forms, Clinical Trials | Tanzania". Haifiki hata nusu ya herufi 220 zinazoruhusiwa. Lugha zitangulie, maana kwenye simu mkia wa kichwa hukatwa. Na iwe "Swahili", kwa sababu wakala wa nje ndivyo anavyoandika.

Kichaga je? Kiwekwe na anayeweza kukiandika, si kukiongea tu sokoni, tena aseme ni kipi. Wa Machame akipewa fomu ya Rombo ataumbuka (na wazee wa huko hawana simile).

Baadaye mtafsiri aangalie "Search appearances", panapoonyesha ametokea mara ngapi na waliomtafuta wanafanya kazi wapi. Wakiwa ni wakala wa tafsiri lakini ujumbe hauji, kichwa kimeshafanya kazi yake. Tatizo liko chini, kwenye maelezo ya kazi alizokwisha kufanya.